Hewa Inayosugua Ndiyo Inayopoza

Binamu yangu anaendesha boda ya stima. Kwenye barabara tambarare haina shida, lakini akipanda mlima na abiria wawili, kontrola inapata moto hadi inajikata yenyewe ikifika digrii 85, na abiria wanashuka wakinung'unika bila kulipa. Fundi mmoja alimshauri afunge bamba la alumini nyuma ya kontrola ili upepo ulipoze. Swali likabaki: bamba la ukubwa gani? Hapo ndipo niliingia mimi, kwa sababu nafanya kazi kwenye maabara yenye sanduku refu la upepo, na kwa sababu kuna ujanja mmoja wa hesabu ambao nimekuwa nikiupenda tangu chuo. Unaweza kujua hewa itabeba joto kiasi gani bila kuwasha moto wowote. Unapima tu jinsi hewa inavyosugua bamba.

Wazo hili ni la Osborne Reynolds, aliyeliandika Manchester mwaka wa 1874 akifikiria bwela za mvuke. Chukua hewa inayopita juu ya bamba. Hewa iliyo mbali inakimbia, ile iliyogusana na bamba imesimama. Kati yao kuna kupokezana kusikoisha: hewa yenye mwendo inashuka, inaacha mwendo wake kwenye bamba, halafu inarudi juu imepoa mwendo. Sasa kama bamba ni la moto, hewa hiyohiyo inarudi juu imebeba joto. Ni mkokoteni mmoja, mizigo miwili. Ukihesabu mikokoteni kwa mzigo wa kwanza, tayari unajua ya mzigo wa pili.

Na mikokoteni inahesabika. Kila kilo ya hewa inayofika kwenye bamba inapoteza kasi yake yote, tuseme mita 10 kwa sekunde. Kwa hiyo nguvu ya msuguano kwa kila mita mraba, ukiigawanya kwa kasi, inakupa kilo ngapi za hewa zinagusa bamba kila sekunde. Kila kilo ya hewa inahitaji karibu jouli 1005 kupanda digrii moja. Zidisha, basi. Hilo ndilo jibu la Reynolds.

Lina kasoro moja. Katika hewa, joto husambaa haraka kidogo kuliko mwendo. Uwiano wa mnato na usambaaji wa joto unaitwa nambari ya Prandtl, na kwa hewa ni kama 0.71. Allan Colburn alionyesha mwaka wa 1933 kwamba ukirekebisha kwa nambari hiyo iliyopandishwa kwenye theluthi mbili, hesabu inakaa sawa kwa vimiminika na gesi nyingi. Fomula nzima ni hii:

h = (τ · cp / U) · Pr^(−2/3)

Hapo τ ni msuguano kwa mita mraba, U ni kasi ya upepo, cp ni zile jouli 1005, na h ni wati ngapi zinaondoka kwa kila mita mraba kwa kila digrii moja ambayo bamba limezidi hewa.

Kupima msuguano ndiyo kazi yenyewe, maana ni nguvu ndogo ajabu. Tulichukua bamba la sentimita 20 kwa 20, unene milimita 2, tukalining'iniza wima ndani ya sanduku la upepo kwa nyuzi nne za mita moja na nusu zinazopitia kwenye dari. Upepo ukiwaka, bamba linarudi nyuma kidogo kama bembea. Ukijua uzito wake, urefu wa uzi na milimita ngapi limesogea, umepata nguvu. Hakuna mashine ya bei. Ni rula na subira.

Mzee wa maabara alisisitiza tupime mara mbili: kwanza bamba likiwa na kingo butu, kisha baada ya kulinoa kwa tupa hadi kingo za mbele na nyuma ziwe kama kisu. Kwa kingo butu lilisogea milimita 23. Baada ya kunolewa, milimita 12. Upepo uleule, upana uleule.

Binamu alikuwa amekuja kuona. "Sasa nusu ya nguvu imeenda wapi?" akauliza.

"Ilikuwa inasukuma, haikuwa inasugua," mzee akamjibu. "Upepo ukigonga ukingo butu unausukuma kama mkono kwenye mlango. Kusukuma hakubebi joto, kijana wangu."

Hapa ndipo wengi wanaanguka, kwa sababu kipimo hakikuambii nguvu ipi ni ipi. Njia ya kugundua ni kulinganisha na hesabu ya Blasius ya 1908 ya bamba jembamba kwenye upepo mtulivu. Inataka kigawo cha msuguano cha karibu 0.0040. Bamba lililonolewa lilitupa 0.0041. Butu lilitupa 0.0081, yaani mara mbili, na hiyo ni dalili tosha kwamba kuna mgeni ndani ya kipimo.

Basi tukahesabu. Bamba lililonolewa lilikuwa na gramu 210, kwa hiyo milimita 12 ni nguvu ya nyutoni 0.0165. Pande zote mbili ni mita mraba 0.08, hivyo msuguano ni paskali 0.206. Gawanya kwa 10: karibu gramu 20 za hewa kwa kila mita mraba kila sekunde. Zidisha kwa 1005, kisha kwa 1.26 ya Prandtl, unapata h ya wati 26. Tukibandika hita ya wati 60, bamba linafaa lizidi hewa kwa digrii 29. Tulibandika. Lilizidi kwa 28. Kwa kutumia kipimo cha kingo butu tungetarajia 15, na binamu angetoka pale na matumaini hewa.

Lakini mlima haupandwi kwa mita 10 kwa sekunde. Na abiria wawili anaenda kilomita 10 kwa saa, yaani mita 2.8 kwa sekunde. Kwenye mtiririko mtulivu h hufuata kipeuo cha pili cha kasi, kwa hiyo inashuka hadi kama 14. Wakati huohuo kontrola inamwaga joto zaidi, tuseme wati 100. Bamba litazidi hewa kwa digrii 90 hivi, na siku ya digrii 28 hiyo ni karibu 120. Itajikata kabla ya kufika juu. (Akisimama kabisa kwenye jamu, fomula hii haina la kusema, maana hakuna upepo wa kusugua. Bahati nzuri hapo mota nayo haivuti stima.)

Nilidhani angetaka bamba refu zaidi. Msuguano ulituambia vingine. Hewa husugua kwa nguvu zaidi pale inapoanza kugusa, kwenye ukingo wa mbele, na kadiri inavyosonga nyuma inachoka. Bamba refu lina ngozi nyingi iliyochoka. Ukilikata vipande vinne vya sentimita 5, ukavipanga vikipishana ili kila kimoja kipate upepo wake mpya, h ya wastani inaongezeka mara mbili, hadi karibu 27, kwa alumini ileile. Ndiyo maana mapezi ya rejeta ya gari yamekatwakatwa. Kwa wati 100 hapo unapata digrii 46 juu ya hewa, yaani 74.

Binamu akachukua msumeno. Kila kipande alikinoa pande zote mbili, na kazi hiyo ilimla Jumapili nzima.