Machi 8: punguzo la sabuni na kitenge cha bure

Mwezi wa tatu ukikaribia, matangazo ya kampuni yanabadilika sauti. Sabuni ile ile inayouzwa mwaka mzima inaanza kuitwa rafiki wa mama, na mama mwenyewe anaitwa malkia wa jiko. Tarehe 8 inafika na viti vya plastiki, muziki, na vitenge vinavyogawanywa mbele ya kamera. Tarehe 9 bei ya katoni kule depo ni ile ya juzi.

Si kwamba kampuni zote zina nia mbaya. Hata msaada wa kweli unaweza kuharibiwa na maneno. Mwaka 2021, kule Uingereza, kampuni ya mikahawa Burger King ilitaka kutangaza msaada wa masomo kwa wafanyakazi wake wanawake wanaotaka kuwa wapishi wakuu, kazi ambayo kule inashikwa zaidi na wanaume. Ili kuvuta watu, siku ya Machi 8 iliandika kwanza kwenye Twita kwamba mahali pa mwanamke ni jikoni. Habari ya masomo ilikuja katika ujumbe uliofuata. Wengi waliishia kwenye sentensi ya kwanza, wakakasirika. Siku hiyo hiyo kampuni iliomba radhi na kuufuta ujumbe. Msaada ulikuwepo, lakini kilichosikika ni tusi.

Kwenye redio hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu mtu anaweza kusikia nusu ya tangazo akiwa anapita sokoni. Tangazo linalomheshimu mama linaanza na kitu chenyewe: ni nini kinapunguzwa, kwa faranga ngapi, depo gani, mpaka tarehe gani. Mama anayeuza sabuni hahitaji kuambiwa kwamba yeye ni nguzo ya nyumba. Anahitaji kujua bei ya katoni.

Chukua mfano wa kampuni ya sabuni katika mji kama Goma au Bukavu. Hesabu hizi ni za mfano tu. Katoni ina vipande 24, na depo inaiuza faranga 24,000. Mama anauza kila kipande faranga 1,200, anapata 28,800, na faida yake ni 4,800. Akiuza katoni mbili kwa wiki, ndani ya wiki nne anauza katoni 8.

Kampuni imetenga faranga milioni 2 kwa ajili ya Machi 8. Njia ya kwanza ni kununua vitenge 100 vya faranga 20,000 na kuvigawanya uwanjani. Njia ya pili ni kupunguza faranga 1,200 kwenye kila katoni, wiki nne mfululizo, kwa wanawake 200 wanaouza rejareja. Katoni 8 kwa kila mmoja ni katoni 1,600, na gharama yake ni faranga 1,920,000. Pesa ni karibu ile ile. Ukweli ni kwamba kitenge kina thamani kubwa kuliko faranga 9,600 ambazo kila mama anaokoa kwa punguzo. Lakini wanaofikiwa ni mara mbili, na hizo 9,600 ni sawa na faida ya katoni mbili nzima. Tena mama hakufunga kioski siku nzima ili kusubiri jina lake liitwe.

Punguzo nalo lina tundu lake, na tundu hilo liko kule depo. Kampuni inashusha bei, mwenye depo anapokea katoni kwa bei ya chini, kisha anaendelea kuziuza 24,000 kama kawaida. Tofauti inabaki mfukoni mwake, na kampuni inaamini imesaidia wanawake 200. Dawa yake ni mbili. Kwanza, bei mpya, yaani 22,800, itajwe kwenye redio kila siku na kubandikwa kwenye mlango wa depo, ili mnunuzi ajue cha kudai. Pili, mwenye depo asipewe punguzo mapema. Auze kwa bei ya chini, aandike risiti yenye namba ya simu ya mama, halafu kampuni imrudishie tofauti kwa kuhesabu risiti. Anayetaka kudanganya ataandika majina ya uongo. Kwa hiyo mtu wa kampuni achague risiti kumi bila mpango, apige simu, aulize: mama, ulilipa ngapi?

Kuna wanawake ambao punguzo hili haliwafikii kabisa. Mama aliyekimbia vita na kuacha kioski chake kijijini hana faranga 22,800 za kuanzia. Kumwambia katoni imeshuka bei ni kama kumwonyesha chakula dirishani. Kwake yeye kinachofaa ni nusu katoni kwa bei ile ile ya punguzo, yaani vipande 12 kwa faranga 11,400, au katoni moja ya deni inayolipwa baada ya wiki moja. Deni hilo liwe na mpaka: hakuna katoni ya pili kabla ya ile ya kwanza kulipwa. Hivyo, mambo yakiharibika, kampuni inapoteza katoni moja, na mama haingii katika deni ambalo faida ya sabuni haiwezi kulimaliza.

Hapo ndipo karatasi zinaleta shida. Kampuni inaomba karte ya mchaguzi, na wengi waliokimbia usiku waliiacha ndani ya nyumba au iliungua. Ikiwa punguzo ni la wanawake wote, basi ushahidi wa kikundi chake cha akiba au wa kamati ya kambi ukubaliwe pia. Bila hivyo, tangazo linawaita watu ambao mlango umekwisha kufungwa mbele yao.

Kuna pia fomu ya deni inayodai sahihi ya bwana. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume wake kwa mikataba ya aina hiyo. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilibadilisha jambo hilo: mume na mke wanatakiwa kupatana, wote wawili kwa kiasi kilekile. Kampuni inayodai sahihi ya bwana kwa mke, bila kudai sahihi ya mke kwa bwana, bado inafanya kazi kwa sheria ya zamani, hata kama bango lake limeandikwa usawa kwa herufi kubwa. Mjane, au mama ambaye bwana wake hajulikani alipo tangu siku ya kukimbia, ataitafuta sahihi hiyo wapi? Kuifuta ile mstari kwenye fomu hakugharimu faranga hata moja, na faida yake haiishi mwezi wa tatu.

Picha nazo ziangaliwe. Mama anayepokea sabuni ya deni ni mteja. Kumpiga picha akiwa ameinama, halafu kuibandika barabarani, kunamfanya ombaomba mbele ya majirani na mbele ya wale wanaonunua kwake. Aulizwe kwanza, na akikataa apate katoni yake kama wengine.

Anayetaka kujua kama promosheni ilikuwa ya kweli asubiri mpaka tarehe 8 Aprili, kisha aende depo aulize mambo matatu. Ni wanawake wangapi walionunua kwa punguzo? Waliochukua deni wamelipa na kurudi kuchukua katoni nyingine? Na ile fomu, bado ina nafasi ya sahihi ya bwana?