Vitabu Vitatu au Viwili?

Anayeandika kuhusu ardhi ya Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa hawezi kumkwepa Monica Wilson, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa miaka ya 1930. Kitabu chake *Good Company*, juu ya vijiji vya marika, kilitoka mwaka 1951. Nilipokuwa Kyela nikiandaa orodha ya marejeo, nilikikuta mara tatu katika Zotero yangu: kumbukumbu moja ya katalogi ya maktaba, moja iliyonaswa kutoka tovuti, na moja ya toleo la Boston la mwaka 1963.

Nilianza na aina ya kumbukumbu. Ile ya tovuti ilisomeka `Web Page`, na Zotero haiunganishi kumbukumbu za aina tofauti. Niliibadilisha kuwa `Book` kwenye sehemu ya `Item Type`, kisha nikajaza mchapishaji na mwaka.

Ndipo nikafungua `Duplicate Items` na kubonyeza kitufe cha kuunganisha. Niliichagua kumbukumbu ya maktaba iwe msingi, kwa kuwa ndiyo iliyokamilika. Viambatisho na maelezo ya ile nyingine vilihamia humo. Kufuta ni jambo jingine: manukuu yaliyokwisha kuingizwa katika Word hupoteza uhusiano na kumbukumbu iliyofutwa, ilhali kuunganisha huuhifadhi.

Toleo la 1963 niliacha lilivyo. Zotero hutazama jina la kitabu, ISBN, DOI, mwaka na mwandishi, lakini haijui umenukuu ukurasa wa toleo lipi. Kigezo changu ni nakala niliyoisoma: iliyo mkononi mwangu ndiyo inayoingia katika orodha.

Mwisho ni DOI, na hapa ndipo penye mtego. Ukitafuta jina la kitabu cha zamani katika Crossref, unaweza kupewa DOI ya tahakiki yake iliyochapishwa katika jarida, kwa kuwa tahakiki hubeba jina la kitabu chenyewe. Ukiibandika, maneno ya mhakiki yatahesabiwa kuwa ya Wilson. Kwa hiyo kila DOI niliifungua kupitia anwani hii:

```
https://doi.org/
```

Mbele yake nilibandika namba, kisha nikalinganisha mwandishi, mwaka na idadi ya kurasa. Ukiona kurasa mbili au tatu za jarida, hicho si kitabu. Vitabu vingi vya zamani na ripoti za wilaya havina DOI kabisa. Sehemu hiyo na ibaki tupu, ila jina la taasisi na mwaka visikosekane.

Mtumishi wa ardhi atakayesoma kazi hii, akitaka kuhakiki dai kuhusu nani alijenga wapi, ataufuata mstari huo mmoja. Ukimpeleka kwenye tahakiki, atakosa ushahidi, na mwenye shamba atakosa utetezi.