Farasi au Askari

Mchezo wa sataranji humpima mwanagenzi kabla hajajua kuwa anapimwa. Mwenye kete nyeupe husukuma askari wa mfalme mpaka mraba wa e4, na mwenye nyeusi humkabili kwa askari wa e5. Kisha farasi mweupe hurukia f3, akitishia kumla askari wa e5. Mwenye nyeusi ataka kumlinda. Je, atoe farasi wake kwenda c6, au asukume askari mwingine mpaka f6?

Wanagenzi wengi hupenda f6. Askari ni kete ya thamani ndogo, na yaonekana ni busara mnyonge kumlinda mnyonge mwenziwe. Lakini hatua hiyo humnyima farasi wa pili mraba wake bora, tena hufungua njia ya mshazari kutoka h5 mpaka kwa mfalme mweusi. Ukuta umebomolewa na mlinzi mwenyewe.

Adhabu yake huja upesi. Farasi mweupe humla askari wa e5 kana kwamba hakulindwa. Askari wa f6 akilipiza kwa kumla farasi, malkia mweupe huenda h5 na kumtishia mfalme. Mweusi akiziba kwa askari wa g6, malkia humla askari wa e5, na kwa pigo hilo moja humtishia mfalme na ngome ya h8. Mfalme ataokolewa, ngome itapotea. Mfalme akikimbilia e7, malkia humla askari yule yule, na mfalme hufukuzwa uwanjani bila hifadhi. Lililo afadhali kwa mweusi ni kumwacha farasi na kupeleka malkia e7. Farasi akirudi f3, malkia mweusi humla askari wa e4 na kusawazisha hesabu. Lakini amekwisha toka mapema, naye atafukuzwa huku kete zenziwe zingali nyumbani.

Ulinzi huu huitwa kwa jina la Pedro Damiano, muuza dawa wa Kireno, ingawa katika kitabu chake kilichochapishwa Roma mwaka 1512 aliulaumu, akasifu farasi wa c6. Jina lake limebandikwa juu ya kosa alilolikataza.

Hata hivyo, si kila askari ni mpotevu. Askari wa d6 hulinda e5 bila kumvua mfalme nguo, na humfungulia njia askofu wa c8, ijapokuwa humbana kidogo yule wa f8. Ulinzi huo una jina la Philidor, Mfaransa aliyeandika mwaka 1749 kwamba askari ndio roho ya mchezo.

Basi mwanagenzi asiulize tu hatua yake inalinda nini. Aulize pia inafungua nini. Farasi aliyekosea njia aweza kurudi. Askari hana hatua ya kurudi nyuma, na mlango alioufungua hawezi kuufunga tena.