Elfu sitini za mama zimeenda wapi?

Ugomvi wa kikoba si lazima uanze na wizi. Unaweza kuanza kwenye daftari, katika safu moja iliyoandikwa "marejesho" bila kusema ni marejesho ya nini.

Chukua mama wa Magomeni Mapipa anayeuza vitenge Kariakoo. Amekopa 300,000 kwa miezi mitatu, kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi ya deni linalobaki. Mwezi wa kwanza analeta 130,000, yaani 100,000 za mkopo na 30,000 za riba. Deni linabaki 200,000. Mwezi wa pili mtoto analazwa, mama hafiki kikaoni wala hatumi kitu, anapigwa faini ya 5,000. Mwezi wa tatu anakuja na 60,000.

Nyumbani ameshapiga hesabu kwamba amebakiza 140,000. Katibu anamsomea 185,000, na hapo ndipo sauti zinapopanda. Kumbe katiba ya kikundi chao inasema fedha ikiingia hukata faini kwanza, kisha riba, mwisho mkopo. Faini ilichukua 5,000. Riba ya miezi miwili, 20,000 kila mwezi, ikachukua 40,000. Mkopo wenyewe umepungua kwa 15,000 tu. Kama daftari lingekuwa na safu tatu, ya faini, ya riba na ya mkopo, mama angeliona hilo mwenyewe kabla ya kusaini.

Na hapa kuna swali la haki: kwa nini mama wa mtoto mgonjwa alipigwa faini, wakati kikoba kina mfuko wa jamii uliochangiwa kwa ajili ya shida kama hiyo? Mfuko huo nao unahitaji ukurasa wake. Ukichanganywa na hisa, hukopeshwa kimyakimya, na siku ya ugonjwa sanduku halina kitu.

Kuna kipimo ambacho mwanakikundi yeyote anaweza kukifanya kwa simu yake. Jumlisha mikopo yote iliyoko nje, bila riba, na fedha iliyohesabiwa sandukuni ukiacha ile ya mfuko wa jamii. Jibu lilingane na hisa zote, riba na faini zilizokwisha kulipwa, ukitoa matumizi ya kikundi.

Lakini kipimo hiki hakikamati kila kitu. Mama yule anaweza kushauriwa "alipe" zile 185,000 na kukopeshwa 185,000 nyingine kikao hichohicho. Hesabu italingana, jina lake litakuwa safi, na hakuna noti iliyoshikwa. Dalili yake ni tarehe moja upande wa kulipa na upande wa kukopa. Ikijirudia kwa wanakikundi wanne au watano, faida inayosomwa mwezi kabla ya kuvunja kikoba ipo kwenye karatasi tu.