Simba Alipopatikana na Kansa

Ilikuwa Agosti 2023, jioni, tulipokuwa tukimwosha Simba uani kwetu Nakuru. Mkono ulipopita chini ya taya lake, tulihisi uvimbe mgumu pande zote mbili, kama mayai mawili ya kuku. Tulipapasa mbele ya mabega, kisha nyuma ya magoti ya miguu ya nyuma. Huko nako kulikuwa na uvimbe. Lakini Simba alikuwa akila vizuri, akitikisa mkia, wala hakulia tulipomgusa.

Sisi tuliokaa wodini zaidi ya miaka ishirini tulijua kwamba tezi zinazovimba mwili mzima bila kuuma si jambo la kupuuza. Kesho yake tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Alichoma sindano nyembamba kwenye tezi ya nyuma ya goti, akavuta chembechembe kidogo, akazipeleka kuchunguzwa kwa darubini. Baada ya siku nne jibu likaja: limfoma, yaani kansa ya tezi. Simba alikuwa na umri wa miaka minane na kilo 30.

Kabla ya kusema lolote kuhusu tiba, daktari alituuliza, "Mama, mmempa dawa yoyote hapo nyumbani? Prednisoloni, kwa mfano?" Tulishtuka. Kijana wetu Yona ana pumu, na vidonge hivyo tunavyo kabatini. Usiku uliotangulia tulikuwa tumefikiria kumpa Simba, tukaacha. Daktari akasema tulifanya vema. Prednisoloni ikitolewa peke yake hupunguza uvimbe haraka, lakini chembe za kansa huizoea, na mara nyingi dawa nyingine zikija baadaye hazifanyi kazi sawasawa. Kwa hiyo mwenye mbwa anapaswa kuamua kwanza, ndipo aanze kidonge hicho.

Tulikuwa na njia nne za kuchagua. Bila dawa yoyote, mbwa wengi wenye limfoma hufa katika wiki nne hadi sita. Prednisoloni peke yake huwapa nafuu ya mwezi mmoja au miwili, pengine mitatu. Dawa tatu pamoja, yaani vinkristini, siklofosfamidi na prednisoloni, huweza kufikisha nusu mwaka hivi. Ikiongezwa doksorubisini, wengi hukaribia mwaka, lakini dawa hiyo ni ghali na huweza kudhuru moyo. Hizo ni hesabu za kawaida tu: wako wanaozidi na wako wasiofika. Kupona kabisa ni nadra sana.

Baba Neema alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Sasa tunanunua nini?" Daktari akajibu bila kuficha, "Mnanunua muda mzuri. Hamnunui kupona." Tulikuwa na karo ya Yona, na binti yetu Neema alikuwa anakuja kujifungulia kwetu. Tulihesabu fedha mara mbili, tukachagua njia ya dawa tatu, tukakubaliana kwamba kansa ikirudi hatutaanza upya.

Tulitarajia mateso tuliyoyaona kwa wagonjwa wetu wa hospitali. Hayakuwa hivyo. Mbwa hupewa kipimo kidogo kuliko kile ambacho binadamu huvumilia, kwa sababu kusudi ni aishi vizuri. Simba alipangiwa kudungwa vinkristini mara moja kwa wiki, wiki nne mfululizo, kisha kila baada ya wiki tatu. Kila mara ilikuwa chini ya miligramu moja, lakini mmoja wetu alimshika kwa nguvu asitikisike, maana dawa hiyo ikivuja nje ya mshipa huchoma nyama. Manyoya hayakung'oka, ni mbwa wachache, hasa wale ambao manyoya yao hayaachi kukua, wanaopata hilo. Mwisho wa wiki ya pili tezi zilikuwa hazionekani tena.

Shida ilikuja baada ya sindano ya tatu. Siku ya saba Simba alikataa chakula, akalala pembeni ya mlango. Tulimpima joto kwenye njia ya haja kubwa, tukaona 40.1. Mbwa mzima huwa na joto la kati ya 38 na 39.2 hivi, basi hiyo ilikuwa homa. Karibu wiki moja baada ya dawa ndipo chembe nyeupe za damu huwa chache kuliko wakati wote, na maambukizo hupata nafasi. Hatukungoja asubuhi. Alipewa dripu na viuavijasumu, na sindano iliyofuata ikacheleweshwa kwa wiki moja hadi damu yake ilipopimwa na kuonekana nzuri. Mama, ukichagua njia hii, uwe na kipimajoto, na joto likizidi 39.5 usilale nalo.

Siklofosfamidi huweza kuchubua kibofu hadi mkojo utoke na damu. Tulimpa asubuhi, tukamwekea maji tele, tukamtoa nje kila mara asikae na mkojo. Prednisoloni nayo ilimfanya anywe maji kupita kiasi, ale kwa pupa na kukojoa ndani ya nyumba. Tulijifunza kutomkaripia kwa hilo.

Neema alipofika, tulimkataza kabisa kugusa vidonge hivyo au kusafisha uchafu wa Simba. Dawa hizi hutoka kupitia mkojo na kinyesi, na huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa siku tatu baada ya kila dawa tulivaa glavu, tukamwaga maji mengi pale alipokojoa. Vidonge vya siklofosfamidi havikatwi wala kupondwa.

Mjukuu wetu alizaliwa Desemba, na Simba alikuwapo langoni kumpokea, akibweka kama zamani. Februari 2024, tulipokuwa tukimpapasa kama desturi yetu, tulikuta tezi za taya zimerudi.

Tulishika neno letu. Daktari aliacha sindano, tukabaki na prednisoloni na uangalizi wa nyumbani. Tulimpa chakula kidogo mara nyingi, supu ya mifupa isiyo na chumvi wala kitunguu, na godoro kuukuu pasipo na baridi. Siku moja alichechemea, na Baba Neema akashika kidonge cha diklofenaki. Tulimzuia. Dawa za maumivu za watu, diklofenaki na ibuprofeni, huweza kutoboa tumbo la mbwa, na zikichanganywa na prednisoloni hatari huzidi. Daktari alitupa tramadoli kwa kipimo chake.

Kwenye kalenda ya jikoni tuliweka alama kila jioni. Je, amekula? Amesimama mwenyewe? Amepumua bila kuhangaika? Amekuja kutulaki? Tuliafikiana kwamba siku mbaya zikizidi nzuri, tutamwita daktari. Wiki ya tatu ya Machi zilizidi.

Daktari alikuja nyumbani. Alimdunga kwanza dawa ya usingizi, kisha ile ya mwisho kwenye mshipa. Katika dakika chache moyo ulisimama. Alikuwa ametuonya kwamba macho hubaki wazi, mkojo hutoka, na pengine mwili huvuta pumzi moja au mbili ingawa uhai umekwisha. Kwa sababu ya onyo hilo Yona hakuogopa. Tulimzika kwa kina kinachozidi mita moja, kwa kuwa dawa hiyo hubaki mwilini na huua mbwa au ndege atakayefukua mzoga.

Mama mmoja wa kwaya alituuliza kama fedha ile haikupotea. Tulimwonyesha kalenda. Kuanzia Septemba hadi Februari, siku mbaya zilikuwa kumi na moja tu.