Dakika za Ukarabati

Miaka yangu ya kazi imepita katika kupima mifumo ya kutuma pesa kwa simu kabla haijawafikia wateja, na swali lililonifuata kila nilipokwenda ni lile lile: jaribio lipi tuiachie mashine ilifanye yenyewe, na lipi libaki mikononi mwa mtu? Wengi hulijibu kwa kuangalia kazi ya kuandika skripti. Ikionekana nyepesi, jaribio linakabidhiwa mashine. Ikionekana nzito, linaachwa. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba kigezo hicho ndicho dhaifu kuliko vyote. Gharama ya kuandika hulipwa mara moja tu ikaisha. Kinachoamua kama jaribio litarudisha kilichotumika ni gharama ya kulikarabati kila mfumo unapobadilika, na hiyo karibu kila timu huisahau wakati wa kupanga, kwa sababu siku ya kupanga haijaonekana bado.

Hesabu yenyewe ni fupi, na naiandika hapa kama ninavyoiandika kazini:

```
n = U / (m - a - r)
```

`U` ni muda wa kuandika jaribio la otomatiki, `m` ni muda wa kulifanya kwa mkono mara moja, `a` ni muda ambao mtu bado anautumia kuangalia matokeo ya mashine kila inapomaliza, na `r` ni ukarabati wote wa mwaka ukigawanywa kwa idadi ya mizunguko ya mwaka huo. `n` ni idadi ya mizunguko inayohitajika hadi gharama irudi. Ikiwa kilichomo kwenye mabano ni sifuri au kimeshuka chini ya sifuri, gharama hiyo hairudi kamwe, hata skripti ingeandikwa bure.

Tuchukue mfano wa jaribio la makato. Mteja akituma pesa, mfumo unatafuta kiasi chake kimeangukia ngazi gani ya ada, unakata ada hiyo, unabakiza salio. Tuseme jedwali lina ngazi 20. Hitilafu za makato hupenda kujificha mipakani, kwa hiyo kila mpaka unapimwa kwa viasi vitatu, kwa mfano 9,999, 10,000 na 10,001, jumla majaribio 60. Kwa mkono kila moja linakula dakika 3: kutuma, kusoma ujumbe, kulinganisha salio. Hizo ni dakika 180 kwa mzunguko. Kuandika skripti inayoita huduma ya makato moja kwa moja, bila kupitia menyu, tuikadirie dakika 360. Kuangalia matokeo, dakika 2. Jedwali likibadilika mara 4 kwa mwaka, na kila badiliko likahitaji dakika 30 za kuingiza viwango vipya, ni dakika 120 kwa mwaka. Tukitoa matoleo mawili kwa mwezi, yaani 24 kwa mwaka, ukarabati unaangukia dakika 5 kwa mzunguko. Basi 360 kugawanya kwa 173 ni mbili na kidogo: mzunguko wa tatu gharama imesharudi. Kwa mwaka mzima mkono ungetumia saa 72, mashine na mwangalizi wake hawafiki saa 9.

Hapo mkuu wa fedha huleta pingamizi ambalo naliheshimu. Anasema dakika si sawa na dakika: anayeandika skripti ni mhandisi, mshahara wake si wa mpimaji wa mkono, na hapa kwetu tofauti hiyo ni kubwa. Ni kweli, na dawa yake ni kuziweka dakika kwenye shilingi. Tuseme dakika ya mhandisi ni shilingi 250 na ya mpimaji ni 100. Kuandika kunakuwa shilingi 90,000. Mzunguko wa mkono unakuwa 18,000, na kwa mashine, tukimlipa mhandisi hata kwa kuangalia matokeo, ni 500 pamoja na ukarabati wa 1,250. Tunagawanya 90,000 kwa 16,250, tunapata tano na nusu. Gharama inarudi mzunguko wa sita, ndani ya miezi mitatu. Pingamizi limesogeza tarehe, jibu limebaki pale pale. Na kuna faida ambayo hesabu hii haiioni: mtu aliyefika mstari wa arobaini wa jedwali huanza kuona namba anayoitegemea badala ya iliyopo kwenye simu. Huo si uvivu, ndivyo jicho lilivyo.

Watanzania waliokuwa kazini 2021 wanajua kwa nini nalitilia uzito jedwali. Tozo ya serikali kwenye miamala ilianza Julai mwaka huo, ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba, na 2022 ikabadilishwa tena. Kila badiliko liligusa ngazi nyingi kwa mkupuo, na tarehe ya kuanza haikuwa ya kujadiliwa. Jaribio lililoandikwa vizuri halikuhitaji kuandikwa upya. Lilihitaji faili la viwango vipya tu, mantiki ya skripti ikabaki ilivyo. Hiyo ndiyo maana ya ukarabati mdogo. Lakini viwango hivyo lazima vitoke kwenye tangazo rasmi na jedwali la ada lililoidhinishwa, na aviingize mtu asiye mwandishi wa programu. Ukivinakili kutoka kwenye majibu ya mfumo wenyewe, umeifundisha mashine kuthibitisha chochote ambacho mfumo umesema, na hitilafu itapita kila siku ikiwa na alama ya kijani.

Sasa tuligeukie jaribio la pili, ambalo ndilo mameneja hulitamani zaidi: safari nzima ya mteja kwenye menyu ya USSD, kuanzia kubonyeza namba ya huduma hadi ujumbe wa kuthibitisha, kwa laini halisi. Kwa mkono ni dakika 5. Kuifanya ya otomatiki kunahitaji modemu, laini iliyosajiliwa, skripti inayosoma kila ukurasa wa menyu na kuchagua, na namna ya kurudisha salio mwanzo. Saa 40, yaani dakika 2,400, si makadirio ya kukuza. Mtandao ukichelewa, kikao kinakatika na jaribio linaanguka bila mfumo kuwa na kosa. Kufuatilia kengele hizo za uongo tuipe wastani wa dakika 4 kwa mzunguko. Halafu idara ya masoko inasogeza kipengele au kuongeza huduma kila mwezi, na kila mara skripti inachukua dakika 90 kurekebishwa: dakika 1,080 kwa mwaka, 45 kwa mzunguko. Weka namba hizo kwenye mabano: 5 toa 4 toa 45 ni hasi 44. Hakuna idadi ya mizunguko itakayolipa.

Wahandisi hujibu haraka kwamba nimehesabu matoleo 24 tu, ilhali mashine inaweza kukimbia kila usiku. Ndiyo, ukarabati ukigawanywa kwa mizunguko 365 unashuka hadi karibu dakika 3. Hata hivyo 5 toa 4 toa 3 bado ni hasi. Na kuna kosa la ndani zaidi katika hoja hiyo. Mizunguko ya usiku ambayo hakuna mtu angeifanya kwa mkono haiokoi dakika za mtu yeyote. Haina haki ya kuingia kwenye hesabu kama akiba. Thamani yake ni kile inachogundua mapema, na kama usiku huo menyu haikuguswa, hakuna kipya cha kugundua isipokuwa hali ya mtandao. Brian Marick aliandika mwaka 1998 makala kuhusu lini jaribio lifanywe la otomatiki, na alisisitiza kuuliza gharama ya jaribio la otomatiki inakunyima majaribio mangapi ya mkono, na yangenasa hitilafu gani. Saa 40 za menyu ni saa 40 zilizoondolewa kwingine. Mbaya zaidi, jaribio linaloanguka ovyo huizoesha timu kusema "rudia tu", na siku linapoanguka kwa haki nalo linarudiwa tu hadi likubali. Dalili ni rahisi kuiona: tazama ni mara ngapi jaribio limerudiwa likapita bila mtu kubadilisha chochote.

Mkono kwenye menyu haubaki kwa sababu ya bei peke yake. Mashine inalinganisha maandishi yaliyotumwa na seva. Haioni kilichofika kwenye kioo cha kitochi. Ukurasa wa USSD unabeba herufi 182 tu za alfabeti ya kawaida ya GSM, na Kiswahili huenda mbali kuliko Kiingereza kusema jambo lile lile. Menyu iliyotosha vizuri kwa Kiingereza inaweza kukatwa mwishoni kwa Kiswahili, kipengele cha mwisho kikapotea, na mteja asijue kilikuwepo. Mpimaji mwenye simu mkononi huliona hilo mara moja. Vivyo hivyo huona ujumbe wa kuthibitisha unapofika vipande viwili bila sababu ya wazi, na akifuatilia atakuta jina la mpokeaji lina ng', limeandikwa kwa ritifaa iliyopinda ’ iliyonakiliwa kutoka kwenye faili la ofisini badala ya ' iliyonyooka. Ile iliyopinda haimo kwenye alfabeti ya GSM. Ikiingia, SMS nzima inabadilishwa mfumo wa herufi, na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Kampuni inalipia SMS mbili kwa ajili ya alama moja. Hakuna aliyeandika jaribio la hilo kabla halijaonekana, kwa kuwa hakuna aliyelifikiria. Likishaonekana, linageuka kuwa kazi ya mashine kabisa: skripti fupi inayopitia kila ujumbe na kukataa herufi iliyo nje ya alfabeti hiyo, isiyojali menyu imesogezwa wapi, na ukarabati wake ni karibu sifuri.

Kwa hiyo safari ya menyu huikata vipande. Makato, salio, ukomo wa siku, kukataa namba ya siri iliyokosewa, muamala usirudiwe mara mbili mteja akibonyeza tena: vyote hivi vinapimwa na mashine chini ya menyu, mahali ambapo idara ya masoko haifiki. Kinachobaki juu ni ngozi, na ngozi hiyo naiachia mkono kila toleo. Wapo wanaosema hali itabadilika menyu ikitulia. Nimeikubali hoja hiyo na kuihesabu. Tuseme menyu inabadilika mara 2 tu kwa mwaka, kengele za uongo zimeshuka hadi dakika 1, na mkono unapima aina 5 za simu, dakika 25. Ukarabati ni dakika 7 na nusu kwa mzunguko. Mabano yanatoa 16 na nusu. 2,400 inagawanyika kuwa mizunguko kama 145. Kwa matoleo 24 kwa mwaka, hiyo ni miaka sita, na simu hizo tano kufikia wakati huo zitakuwa zimeshatoka sokoni.