Mpira Wenye Mkia: Unapozima Taa ya Skrini Ili Uone Vizuri

Leo tuache kodi kidogo tuzungumze skrini. Kijana mmoja mwenye kibanda cha gemu hapa Ukunda, kando ya barabara ya kwenda Msambweni, amenunua monita ya hezi 144. Katika menyu akawasha kitu kinaitwa Motion Blur Reduction, kisha akanipigia: "Kaka, mpira mmoja unatoka miwili, halafu mchana wateja hawaoni kitu. Nirudishe dukani?"

Tuanze na ukungu wenyewe. Televisheni za zamani za kichogo zilimulika kila picha mara moja, kwa muda mfupi sana, kisha giza. Skrini za siku hizi hushikilia fremu moja hadi inayofuata ije. Kwa fremu 60 kwa sekunde, hiyo ni milisekunde 16.7. Jicho lako halisimami kungoja, linaufuata mpira unapokwenda. Fremu imeganda, jicho linatembea, kwa hiyo picha inapakwa juu ya jicho. Mpira unaovuka skrini ya pikseli 1920 kwa sekunde 2 huenda pikseli 960 kwa sekunde, na mkia wake unakuwa pikseli 16.

Dawa ni kufupisha muda wa mwanga. Njia ya kwanza ni kuingiza fremu nyeusi tupu kati ya fremu za kweli. Njia ya pili ni kuzima taa ya nyuma ya skrini na kuiwasha kwa mmweko mfupi kila fremu. Mmweko wa milisekunde 2 unaubakisha mkia kama pikseli 2 tu.

Sasa gharama. Ya kwanza ni mwanga. Kwa hezi 120 fremu moja ni milisekunde 8.3. Taa ikiwaka 2 kati ya hizo, unabaki na karibu robo ya mwanga, yaani skrini ya niti 300 inakuwa ya niti 72, isipokuwa kama mtengenezaji ameongeza umeme wakati wa mmweko. Usiku hiyo inatosha kabisa. Lakini kibanda cha kijana wetu kiko wazi mbele. Tuchukulie mwanga wa kivulini ni laksi 5000, na skrini inarudisha asilimia 2 yake. Hapo hata sehemu nyeusi inang'aa kama niti 32. Bila mmweko, nyeupe inaizidi nyeusi mara 10. Ukiwasha mmweko, mara 3 na kidogo. Ndiyo maana wateja wa saa nane mchana hawaoni kitu.

Gharama ya pili ni kuchelewa. Skrini huchora picha kuanzia juu kwenda chini. Bila mmweko unauona kila mstari mara tu unapochorwa. Ukiwa na mmweko, taa hungoja picha ikamilike. Kwa hezi 120, mstari wa juu unangoja karibu milisekunde 8, wa katikati 4, wa chini haungoji karibu chochote. Ukitaka kupima, rekodi kidole na skrini kwa simu yenye video ya fremu 240 kwa sekunde, uhesabu fremu kati ya kubonyeza na mchezaji kusogea. Kila fremu ni milisekunde 4.2, kwa hiyo rudia mara nyingi uchukue wastani, la sivyo tofauti hutaiona. Baadhi ya televisheni hushikilia fremu nzima kabla ya kuweka ile nyeusi, na hapo utaongeza milisekunde 16.7. Mchezaji mzoefu atalalamika mpira wa penalti uko nyuma ya kidole.

Na mipira miwili? Koni yake inatoa fremu 60, monita inamweka mara 120. Kila fremu inamulikwa mara mbili, na kati ya mimweko hiyo jicho limeshasogea pikseli 8. Unaona mpira, na mwenzake pikseli 8 pembeni. Hapo monita haina ubovu, ni hesabu tu. Mmweko mmoja kwa kila fremu ndio unaotoa picha safi. Lakini ukimweka mara 60 tu kwa sekunde, watu wengi wataona skrini ikipepesa, na wengine kichwa kitawauma.

Nilimwambia hivi: monita usirudishe. Kwa koni, zima kabisa hiyo MBR, mchana na usiku. Kwenye kompyuta, baada ya magharibi, weka hezi 120, hakikisha gemu inatoa fremu 120 bila kushuka, kisha washa. Ikishuka tu, wale mapacha watarudi.

Wewe wa Msambweni mwenye skrini ya barazani, jaribu hesabu hii kwa mwanga wa kwako uniambie umepata ngapi. Tuonane wiki ijayo.